Maswali yaleyale ya inboksi kila siku, nataka kuyageuza posti moja kila wiki (fundi umeme niliyejiajiri)

FundiKihonda:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi umeme nimejiajiri, nipo Morogoro, kazi zangu nyingi ni nyumba za kawaida, wayaringi ya nyumba mpya na marekebisho ya hizi za zamani. Ishu yangu leo sio kukosa kazi, ni inboksi. Kila nikirudi jioni nakuta meseji na voisi na asilimia kubwa ni maswali yaleyale, luku inaisha haraka, swichi inajizima mvua ikinyesha, hita ya kuogea haichemshi, soketi imeungua, najibu mmoja mmoja mpaka saa tano usiku na kesho yake anakuja mwingine na swali hilohilo kabisa.

Nimefikiria niyageuze yawe posti za kuelimisha, moja kila wiki, stetasi ya WhatsApp na ukurasa wangu wa Facebook, halafu mtu akiuliza namtumia ile posti. Nimeandika ya kwanza, naomba muichane kabla sijairusha:

"JE, LUKU YAKO INAISHA HARAKA? Sababu ni nyingi: vifaa chakavu, waya zinazovuja, eathi mbovu, matumizi makubwa, mita mbovu. Usihangaike, tupigie tukupe suluhisho la kitaalamu. Umeme salama ni maisha bora."

Vipi hapo?

MasokoTu:
Idea kali sana mkuu ila wiki moja posti moja utasahaulika, watu wanaposti kila siku saa hizi. Weka kila siku, weka video fupi, mwanzo wa video uwe wa kushtua, na USITOE KILA KITU, ukimwambia mteja dawa yote atakuita wa nini? Weka na bei kabisa mwishoni.

BabuFyuzi:
Fundi, nitakuchana kama ulivyoomba. Hiyo sio posti ya kuelimisha, hilo ni tangazo lenye orodha. Mtu aliyeuliza luku yangu inaisha haraka akiisoma anatoka akiwa na hofu tano badala ya moja, na bado atakuuliza inboksi, kwa hiyo usiku wako uko palepale.

Tatizo linaanzia kabla ya kuandika. Umechukua meseji zote zenye maneno "luku inaisha haraka" ukazifanya swali moja. Hayo ni maswali manne yamevaa kanzu moja. Rudi kwenye simu uyasome tena taratibu utaona. Kuna anayesema nimenunua ya elfu kumi mbona yuniti chache, huyo hajatumia hata yuniti moja bado, shida yake ni makato na tarifu. Kuna ambaye matumizi yamepanda kweli kwa sababu ameweka hita ya kuogea au mashemeji wamekuja kukaa. Kuna ambaye hajabadilisha kitu na luku inakimbia, huyo ndio wa kukaguliwa. Na kuna ambaye ameshaamua jirani anamwibia, anatafuta wa kumuunga mkono tu.

Sasa hao wanne kila mmoja kesho asubuhi anatakiwa kufanya kitu tofauti. Wa kwanza akaangalie risiti, wa pili akae na kikokotoo, wa tatu apime nyumba yake, wa nne apime kwanza halafu ikibidi aende TANESCO. Gawanya maswali kwa kile mtu anachotakiwa kufanya baada ya kusoma, usigawanye kwa maneno aliyoandika. Hapo una posti nne, mwezi mzima, na kila moja fupi.

FundiKihonda:
Duh Babu, nimerudi kusoma ni kweli kabisa, kuna dada alinitumia picha ya risiti na mimi nikamjibu kuhusu waya kuvuja 😅 sasa nitajuaje huyu ni wa kundi gani, mtu anaandika tu "fundi luku inaisha vibaya mno" basi, hamna maelezo.

BabuFyuzi:
Muulize mawili tu, na uwaulize wote mawili hayohayo. Ulinunua ya shilingi ngapi ukapata yuniti ngapi? Na je kuna kifaa au mtu ameongezeka nyumbani? Yaweke kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, unaandika alama ya mkwaju na neno moja linajaa lenyewe huna haja ya kuandika upya. Wakijibu, weka lebo kwenye hiyo chati, makato, kifaa, uvujaji, jirani. Fanya wiki mbili hivi bila kuposti chochote. Lebo itakayojaa zaidi ndio posti yako ya kwanza, usichague wewe unayoipenda.

Na ukiandika, mstari wa juu kabisa weka swali kama mteja alivyoliandika, na makosa yake. Mtu akiona maneno yake anasimama kusoma.

dada_cherehani:
Naomba niongee kama mteja maana mimi sio fundi, ni fundi wa nguo 😄. Mwaka jana nilisoma posti ya fundi mmoja anasema "punguza mzigo kwenye laini ya jikoni" mimi nikajua mzigo ni vile viroba nilivyoweka jikoni, nikavitoa kweli. Jamani andikeni tunavyoongea. Sisi hatusemi breka imetripu tunasema swichi inajizima yenyewe, au umeme unakata kwetu tu jirani anao.

Na MasokoTu hapana kwa kila siku, stetasi za kila siku mimi namnyamazisha mtu, hata kama ni ndugu yangu.

KijanaUyole:
Wakuu samahani naona mafundi mpo hapa, mimi friji yangu ikiguswa ukiwa pekupeku inapiga shoti kidogokidogo, ukivaa ndala haipigi, je ndio inafanya luku iishe haraka? maana na yenyewe inaisha

BabuFyuzi:
Kijana chomoa hilo friji sasa hivi kabla hujasoma mstari unaofuata. Sio kulizima, chomoa. Luku tutaijua baadaye. Bodi ya friji ina umeme na nyumba yako inaelekea haina eathi inayofanya kazi, au hilo friji umelichomeka kwenye ekstenshen ya pini mbili. Tafuta fundi mwenye leseni apime eathi leo, na watoto wasiguse.

FundiKihonda umeona hii? Hii ni meseji ya kawaida kabisa inboksi, imekuja kwa kivuli cha luku, ila haitakiwi kusubiri posti ya wiki wala kutumiwa linki. Panga hivi, yeyote anayetaja kupigwa shoti, harufu ya kuungua, soketi ya moto, cheche, huyo anapigiwa simu. Wanaobaki ndio wa posti.

KijanaUyole:
Nimechomoa. Ilikuwa kwenye ekstenshen kweli. Asante mzee

MwanaVETA:
Lakini Babu mbona umemkatalia la luku, eathi mbovu si ndio inakula yuniti? Tulifundishwa uvujaji unaenda ardhini mita inahesabu, kwa hiyo kwenye posti aandike watu wabadilishe eathi rodi

BabuFyuzi:
Nusu yake ni sawa mwanangu. Umeme ukivuja kwenda ardhini mita inauhesabu, hapo uko sahihi. Ila eathi mbovu yenyewe haili kitu, ni njia tu, kinachokula ni hitilafu inayovuja, insulesheni iliyooza au hita iliyotoboka. Ukibadilisha rodi ukaweka nzuri bila kutafuta hitilafu, unaweza kukuta umeifungulia njia pana zaidi na luku inakimbia kuliko jana. Rodi nzuri ni lazima iwepo kwa ajili ya usalama, ila usimuuzie mtu kama dawa ya luku.

Angalia na kitu kingine. Nyumba yenye ELCB au RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampu 30 na inafanya kazi, uvujaji wa kuila luku hauwezi kukaa humo. Miliampu 30 kwa volti 230 ni kama wati 7, ikifika hapo inakata. Kwa hiyo mteja akisema ana RCD, ukabonyeza kitufe cha testi ikakata, basi acha kuwaza uvujaji baada ya hiyo RCD, tafuta kifaa. Mvujo wa wati mia tano unaishi kwenye nyumba zisizo nayo, au kwenye waya uliochukuliwa kabla yake.

MwanaVETA:
Sawa nimekupata. Ila kwenye posti si aeleze na ukubwa wa breka? Watu wengi swichi inajizima kwa sababu breka ni ndogo

BabuFyuzi:
Hapo ndio sitaki kabisa. Kuna fundi namfahamu aliweka posti nzuri tu yenye picha ya breka na ampea zake, hii ya taa, hii ya soketi, hii ya jiko. Mteja mmoja akaona ya kwake ni 20, akaenda dukani kununua 32 na kijana wa mtaani akamfungia. Swichi ikaacha kujizima kweli, waya wa 2.5 ndani ya ukuta ndio ukaanza kupata moto.

MwanaVETA:
2.5 na 32 mbona ipo kawaida tu mkuu

BabuFyuzi:
Ipo ikiwa ni ringi, waya unaenda na kurudi kwenye DB, umeme unapita pande mbili. Yule alikuwa na laini inayoenda moja kwa moja. Wewe umeelewa tofauti kwa mstari mmoja kwa sababu umesoma, mteja anayesoma stetasi kwenye daladala hataelewa, ataona namba tu. Mimi mpaka wangu ni huu, mteja anaweza kuchomoa kifaa, kuzima na kuwasha swichi, kubonyeza kitufe cha testi, kusoma namba na kupiga picha. Kitu chochote kinachohitaji bisibisi hakiingii kwenye posti.

MasokoTu:
Sasa si ndio nilichosema usitoe kila kitu 😂

BabuFyuzi:
Wewe unaficha ili aite, mimi naacha ili asife. Halafu mteja akipima mwenyewe akakuletea namba hajakunyima kazi, amekupunguzia kuzunguka nyumba nzima na pikipiki ukifika ukute shida ni hita ya shemeji.

FundiKihonda:
Wakuu nimekaa kimya nilikuwa nafanya ile ya lebo. Matokeo, iliyojaa kupita zote ni makato!! Sikutegemea. Watu wengi walikuwa hawana shida ya umeme kabisa. Kwa hiyo ya kwanza nimeandika hivi:

"'Fundi nimenunua umeme wa elfu kumi mbona wamenipa yuniti kidogo'
Angalia meseji ya luku uliyotumiwa, usiangalie namba ya yuniti peke yake soma makato yote. Ndani ya hiyo elfu kumi kuna VAT, kuna pesa ya REA na ya EWURA, na kama ni manunuzi ya kwanza ya mwezi kuna kodi ya jengo imekatwa humohumo. Kwa hiyo ukinunua tarehe 2 na ukinunua tarehe 20 pesa ileile, yuniti hazifanani. Fanya hivi, toa kodi ya jengo kwanza, kinachobaki gawanya kwa yuniti ulizopata. Ikikupa kama shilingi 356 kwa yuniti upo tarifu ya kawaida. Ikikupa kama 122 upo ile ya matumizi madogo, na hiyo ukipita yuniti 75 ndani ya mwezi bei ya zinazofuata inapanda sana. Namba ikiwa mbali na hizo mbili na sio kwa sababu ya kupita hizo 75 peleka risiti TANESCO, mimi fundi siwezi kukurekebishia. Nyumba yako haina kosa."

dada_cherehani:
Hii nimeielewa!! Nimegawanya na yangu kweli inakuja 356. Miaka yote nalaumu mita. Ila "nyumba yako haina kosa" mimi ningeiweka juu, ndio kitu nilichotaka kusikia.

FundiNyali:
Salamu kutoka Mombasa. Kazi safi ndugu, lakini weka mahali na mwezi kwenye hiyo posti. Mimi nilikuwa na mama mmoja huku Nyali akaniletea posti ya fundi wa Bongo imetembea kwenye magrupu, ananibishia eti apewe bei ya yuniti 75. Huku kwetu ni KPLC na ngazi zetu ni zingine, kuna mstari wa yuniti 30 na wa 100, nilimweleza mpaka nikachoka. Posti ikitoka kwa simu yako hujui itafika wapi, kwa hiyo andika juu kabisa, TANZANIA, LUKU, na mwezi ulioandika. Bei zikibadilika unaitoa ile ya zamani unaweka mpya, si kuacha mbili zinapigana.

BabuFyuzi:
Nyali umesema kweli. Na picha ya risiti usiweke ya mteja hata akiruhusu kwa mdomo, namba ya mita ina jina la mtu nyuma yake. Andika ya mfano kwa mkono kwenye karatasi upige picha.

FundiKihonda:
Poa nitaweka. Ya pili ilikuwa rahisi, ya hita ya kuogea, nimepiga hesabu tu. Hita imeandikwa wati 5500, mtu akioga dakika kumi ni karibu yuniti 0.9, nyumba ya watu wanne kila mtu mara moja kwa siku inakaribia yuniti 3.7, mwezi ni kama 110. Yaani hita peke yake imeshavuka zile 75. Nikamalizia "pasi na tv hazina hatia, muda wa kuoga ndio wenye hatia". Kamenti zilikuwa nyingi wake kwa waume wanatajana 😂

Ya tatu ndio naomba mnisaidie, ya uvujaji na jirani. Nilitaka kuwafundisha kuangalia ile taa nyekundu ya mita, imeandikwa 1000 imp/kWh, kwa hiyo taa ikimweka kila baada ya sekunde 36 nyumba inatumia wati 100, ukizima kila kitu isimweke. Ni testi ya dakika mbili tu.

BabuFyuzi:
Testi nzuri, mimi naitumia. Ila wangapi kati ya wateja wako wanaiona hiyo mita? Morogoro hapo nyumba kibao mita ipo juu ya nguzo, ndani wana rimoti tu. Unataka mtu apande nguzo? Na sio mita zote ni 1000, nyingine 1600, hesabu inabadilika. Waandikie kwa rimoti, ni polepole lakini kila mtu anayo.

FundiKihonda:
Umenikamata. Haya hii hapa ya rimoti:

"'Fundi nikizima kila kitu luku bado inashuka, au jirani ananiibia?'
Chagua asubuhi mkiwa na nafasi, chomoa vitu VYOTE kwenye soketi, friji, tv, chaja, zima taa, zima hita na pampu. Soma yuniti kwenye rimoti, andika na saa. Subiri saa moja. Soma tena. Haijashuka? Nyumba haivuji, rudisha vifaa kimoja kimoja. Imeshuka? Zima meni swichi, soma, subiri saa moja, soma tena. Ikiacha kushuka tatizo lipo ndani, niite. Ikiendelea kushuka wakati meni imezimwa, kuna kitu kati ya mita na meni yako, usiguse huo waya, ita TANESCO. Usifungue boksi lolote."

dada_cherehani:
Nimeijaribu leo kama mteja wako wa kwanza. Kwanza umesema chomoa VYOTE, nikachomoa na rimoti, ikazima 😅 nikairudisha. Halafu nilivyozima meni ili nisome, rimoti ikagoma kabisa, nikakaa saa nzima naangalia kioo hakina kitu. Sasa nasoma wapi?

BabuFyuzi:
Hahaha dada umefanya kazi ambayo sisi wote hapa tumeipitia juujuu. Rimoti inaongea na mita kwa kupitia waya huohuo wa umeme, ukikata meni umekata na mazungumzo. Kwa hiyo iandikwe hivi, chomoa vyote ISIPOKUWA rimoti. Na hatua ya meni, soma KABLA ya kuzima, zima, kaa saa moja, washa, ipe rimoti dakika chache ipate mawasiliano, ndipo usome. Tofauti ya namba mbili ndio jibu. Kabla ya kuwasha hakikisha vitu bado vimechomolewa, la sivyo friji litaanza kula ukaharibu kipimo.

Fundi, kila posti yenye hatua mpe mtu mmoja asiye fundi aifanye kabla hujarusha. Sisi tunaona vitu ambavyo havijaandikwa.

MasokoTu:
Hapo nakubali. Ila mimi bado nasema ingekuwa video, maandishi marefu nani anasoma? Na stetasi inapotea baada ya masaa 24.

FundiKihonda:
Stetasi ni ya kuwaambia tu ipo. Posti yenyewe inakaa Facebook na kopi nimeiweka kwenye majibu ya haraka, mtu akiuliza leo au baada ya miezi mitatu anatumiwa. Video nimejaribu ya hita, watu waliipenda ila kwa ya kupima walirudi wote kuuliza "hatua ya pili ulisemaje", kwenye maandishi mtu anarudi mwenyewe anasoma akiwa amesimama mbele ya rimoti. Labda video kwa zile za kueleza na maandishi kwa zile za kufanya, sijui, bado naangalia.

FundiKihonda:
Wakuu mrejesho. Ya tatu niliirusha na marekebisho ya dada. Wengi waliopima hawakuwa na uvujaji, wakaishia kugundua friji ambalo mpira wa mlango umekufa, au pampu. Ila kuna baba mmoja alinitumia picha ya karatasi, ameandika vizuri kabisa: vyote vimechomolewa, saa 3:00 rimoti 41.6, saa 4:00 rimoti 41.0. Halafu hatua ya meni, 41.0 na baada ya saa moja 41.0.

Sikuuliza swali jingine. Imeshuka 0.6 kwa saa moja, ni wati 600 zinazokwenda hakuna anayeziona, na ziko ndani ya nyumba yake sio kwa jirani (alikuwa ameshagombana naye). Kwa siku ni yuniti 14 na kidogo, kwa bei ya kawaida kama shilingi elfu tano kila siku. Nikaenda na vifaa, DB haina RCD. Nikazima breka moja moja nikipima kwa klampu, ya pampu ya kisima ilipozimwa mkondo ukakata. Nikachomoa laini ile pande zote mbili nikapima insulesheni kwa mega ya volti 500, haikufika hata robo ya megaomu. Kufuata waya chini ya ardhi tukakuta kiungo kimezungushiwa tepu ya kawaida tu, udongo umelowa, na ndio palepale wanapoanikia nguo. Tumetoa waya wote tumeweka wa kuzikwa mzima bila kiungo, na RCD. Baba amepima mwenyewe tena kwa rimoti bila kuambiwa.

BabuFyuzi:
Hapo mmeokoa zaidi ya luku, udongo wenye umeme pekupeku mvua ikinyesha ni balaa. Ya nne sasa umeipata, "waya wa pampu uliozikwa na tepu". Iandike kama ilivyotokea, namba zote, bila mtaa wala picha ya nyumba.

FundiKihonda:
Ndio Alhamisi hii. Nimechagua Alhamisi jioni maana mtu akipima wikiendi mimi nafika Jumatatu, nilivyorusha Jumapili meseji zilikuja Jumatatu wakati nipo juu ya dari.

Swali langu la mwisho. Nilikuwa natoza pesa ya kwenda kukagua. Sasa mtu kama yule baba amenipimia nusu ya kazi, nimtoze ukaguzi kamili? Na niiandike bei kwenye posti au hapana?

MasokoTu:
Andika bei. Anayeuliza bei inboksi na yeye ni swali linalojirudia, si ndio mada yako?

MwanaVETA:
Mimi ningepunguza, ni kama zawadi kwa aliyepima, na wengine watapima

BabuFyuzi:
Mimi sipunguzi. Mega yangu haijui kama mteja amepima au hajapima, na namba zake lazima nizihakikishe maana wengine wanasahau feni imewashwa. Nikikosea kwa kumwamini jina ni langu na leseni ya EWURA ni yangu. Ila bei kwenye posti ya elimu hapana, weka kwenye katalogi, akitaka ataiona.

dada_cherehani:
Babu hapo mimi nitaenda kwa anayepunguza, nisamehe 😄

FundiNyali:
Mimi natoza nusu kwa aliyetuma karatasi yenye namba mbili na saa zake, bila karatasi ni kamili. Wanaotuma wapo, na wengine wanaandika namba za uongo ili wapate nusu, bado sijapata dawa ya hao.